Niliambiwa dirishani nisitangaze mapato ya pango, sasa ninadaiwa faini

Wakubwa zangu wa Lubumbashi, naomba ushauri. Mpangaji wangu hulipa dola 300 kwa mwezi, na alishakata 20% ya pango akailipa serikalini. Kabla ya tarehe 1 Februari, afisa wa dirishani katika ofisi ya kodi alinihakikishia kwamba sina tena cha kutangaza. Kumbe kodi ya serikali juu ya pango ni 22%: ile 2% iliyobaki, dola 72 kwa mwaka, ilikuwa juu yangu. Wamenipiga faini.

Bahati nzuri, afisa yule aliandika kwa biki nyuma ya risiti: "20% imekatwa, usitangaze", akagonga muhuri wenye tarehe. Dola 72 nitalipa bila ubishi. Ninachoomba ni faini ifutwe. Je, nikiambatisha kopi tu itatosha, risiti yenyewe nibaki nayo? Na afisa nimtaje? Naogopa kumponza kijana wa watu.