Panya amekufia ndani ya ukuta wa jipsam: nitoboe, ningoje akauke ama nimwage dawa?

WaKiamunyi
Wadau habari zenu. Niko Nakuru, nyumba ya kupanga, kati ya sitingirumu na bedrumu kuna ukuta wa jipsam si mawe. Landlodi aliweka dawa ya panya juu ya silingi, sasa kuna harufu mbaya inatoka upande wa bedrumu na inazidi mchana jua likiwaka. Nimeambiwa mambo tatu tofauti. Fundi mmoja anasema tupasue ukuta tumtoe, caretaker anasema tungoje atakauka mwenyewe, jirani anasema nitoboe katundu nimwage Jik ama chokaa ndani. Nani ako sawa? Na nitajuaje ako wapi maana ukuta ni mrefu, siwezi pasua wote.

Nyar_Migosi
Pole sana. Mimi huku Kisumu tulingoja. Harufu ilipungua kweli lakini wakati tunashukuru Mungu ndio nzi wakaanza, wale wakubwa wa kijani, wanatokea kwa soketi na pale bomba inaingilia ukutani, unaua asubuhi jioni wako tena. Nisingengoja tena hata kwa pesa.

Baba Shiro
Shida ni mlitumia dawa ya bei rahisi. Nunua ile inamfanya panya asikie kiu, anatoka nje kutafuta maji anafia huko, ndani ya nyumba hakunuki. Na pia huyo akikauka harufu inaisha si lazima kupasua kitu.

Fundi_Jipsam_Lanet
Baba Shiro hiyo ya kiu nasikia kila mahali lakini hakuna dawa inamtoa panya nje. Hizi dawa nyingi zinazuia damu kugandana, panya anakula leo anakufa baada ya siku kadhaa, na akianza kuugua anaenda pale amezoea kulala, mara nyingi ndio hapo silingi ama ukutani. Lakini hapo kwa kukauka uko sawa nusu. Panya mdogo wa nyumba anaweza isha harufu kwa wiki moja hivi, yule mkubwa ni wiki mbili tatu na zaidi kama hapo ndani kuna unyevu.

WaKiamunyi, kwanza mtafute. Usiamini mahali pua inakuambia mara ya kwanza, kwa sababu jipsam iko wazi ndani, harufu inapanda mpaka juu halafu inashukia kwa soketi iko mbali na mzoga. Watu wamepasua soketi bure kwa sababu hiyo. Funga madirisha na milango saa kadhaa, wewe toka nje ukae hewa safi maana pua ikizoea inakuwa kama haipo, halafu rudi upige magoti unuse chini kwa skatingi, polepole, kutoka kona mpaka kona. Angalia pia sisimizi, wakipanga laini wakaingia chini ya skatingi hapo ni karibu sana.

Halafu uelewe huo ukuta umejengwaje. Ndani kuna nguzo za chuma kila sentimita 40 ama 60, kwa hivyo umegawanyika vyumba vyumba vyembamba, na mzoga hauelei, unaanguka chini kabisa kwa ile reli ya sakafuni. Pitisha sumaku ndogo ukutani utapata laini za skrubu, hizo ndio nguzo. Sasa kwa kila chumba cha upande unanuka toboa tundu dogo la milimita 10 juu kidogo ya skatingi, nusa moja moja. Tundu lenye panya utajua, utarudi nyuma mwenyewe. Kama una ile kamera ya waya ya kuunganisha na simu ingiza hapo uthibitishe.

Mwalimu_wa_Lurambi
Mimi yangu ni nyumba ya udongo na silingi ya nailoni, panya wanakimbia usiku kama watoto wakitoka skuli. Je paka anasaidia?

Nyar_Migosi
Mwalimu paka hatatoa aliyekufa ukutani 😂 fungua uzi wako. Fundi na hizo Jik za jirani je?

Fundi_Jipsam_Lanet
Kumwaga kitu kwa tundu siwezi. Kwanza nyaya za stima ziko humo. Pili maji yananyonywa na karatasi ya jipsam na ile pamba ya kuzuia kelele kama iko, ukuta unavimba, unyevu unafanya mzoga uoze zaidi badala ya kukauka. Chokaa pia, ukiimwaga kutoka juu ni bahati kama itamfikia, na ukija kupasua baadaye unapumua vumbi yake.

Ukishampata zima meni swichi. Kata kadirisha kati ya nguzo mbili, upana wa mkono kuingia, karibu na chini. Bodi ni milimita 12 hivi, usisukume msumeno ndani zaidi ya hapo. Vaa glavu na maski. Kabla ya kugusa nyunyizia mzoga na hapo ulipolala Jik moja kwa maji tisa, ingoje dakika tano ilowe, usifagie pakavu maana mkojo wa panya na mavi yake yana magonjwa. Jik usichanganye na dawa ya choo ama siki, hiyo moshi yake ni hatari. Mtoe na mfuko uliogeuzwa, funga, tia mfuko wa pili. Viroboto pia huhama mzoga ukipoa, kwa hivyo nguo za kitandani za upande huo fua.

Mahali watu hukosea ni hapa: panya ametolewa, harufu bado. Ni maji yake yameingia kwa bodi. Kata ile sehemu yenye doa utupe, usirudishe kipande hicho hicho. Futa reli, acha tundu wazi na feni ikipuliza siku mbili, kisha ndio ufunge na kipande kipya.

Baba Shiro
Hiyo ni gharama. Mimi naona angengoja tu, makaa ndani ya ndoo inavuta harufu.

Fundi_Jipsam_Lanet
Makaa inasaidia kidogo chumba kimefungwa, haitoi mzoga. Kungoja si makosa kama ni panya mdogo na hakuna mtu analala hapo. Lakini basi ziba kila mwanya kwa soketi na bomba na selotepu sasa, si ukiona nzi, kwa sababu nzi wanataga mzogani siku ya kwanza tu na wapya wanatoka wiki mbili tatu baadaye. Huko Kisumu joto huharakisha, Nakuru huchelewa. Wakitoka wanafuata mwanga, kwa hivyo funika madirisha yote uache moja na gundi ya nzi hapo.

WaKiamunyi
Asante. Nimefuata, tundu la tatu ndilo, karibu na kona ya kabati. Alikuwa mkubwa na funza wameshaanza kutambaa kwa reli, kwa hivyo kwa mambo ya nzi tumechelewa kidogo. Bodi ilikuwa na doa ya hudhurungi kama kiganja, tumeikata. Sasa natafuta walipoingilia, naona pengo kando ya bomba la sinki upande wa pili.

Fundi_Jipsam_Lanet
Kama kidole gumba kinaingia, panya wanapita. Jaza na ile waya ya kusugua sufuria, bana sana, juu yake simiti. Povu peke yake wanatafuna. Na funza walioenda mbali bado watatoa nzi kadhaa, usishangae. Safari ijayo mtumie mtego wa kubana, angalau mzoga unajua uko wapi.

WaKiamunyi
Landlodi anasema jipsam nilipe mimi kwa sababu nilikata bila kumwuliza. Dawa aliweka yeye. Hapo nani ana ushauri?