Mrejesho: ndugu anayemjibia mgonjwa

Niliuliza: "Natafsiri Kimaasai kliniki hapa Arusha. Kijana anamjibia mama yake kila swali, nami natamani kuongeza ushauri. Nifanyeje?"

Asanteni wakuu. Nilitangulia kuwaambia daktari, mama na kijana kuwa kila kinachosemwa nitakitafsiri. Kijana alipodakia, nikamwambia daktari, "Kijana wake anasema mama anameza dawa zote." Daktari akarudia swali akimtazama mama. Kumbe akijisikia nafuu huacha za presha! Ulimi uliniwasha kumwonya. Nikasema tu, "Mkalimani anaomba daktari aeleze madhara ya kuziacha," na mama nikamtafsiria ombi hilo. Daktari akaeleza mwenyewe.

Maswali ya mkojo yalikwama. Hata kijana alipotolewa nje, mama hakufunguka. Nadhani alihitaji mkalimani mwanamke, na hatukuwa naye.