Naomba ushauri: kuchora duaradufu ya sm 120 kwa 80 kwa kitanzi cha uzi na pini mbili

Mbao_Tatu:
Wakuu, salaam. Nina plaiwudi ya uso wa meza, nataka iwe duaradufu yenye urefu wa sm 120 na upana wa sm 80. Najua inachorwa kwa kitanzi cha uzi na pini mbili. Kinachonitatiza ni pini zikae wapi na kitanzi kiwe na urefu gani. Na swali la pili: hizo sehemu za pini, zinazoitwa fokasi, zina maana yoyote au kazi yake ni kushikilia uzi tu?

RandaKali:
Rahisi tu mkuu. Gawa urefu mara nne, pini ziingie alama ya kwanza na ya tatu, yaani sm 30 kutoka kila ncha. Halafu urefu wa kitanzi ni umbali kutoka pini moja hadi ncha ya mbali, mara mbili. Anza kuchora.

Nusukipenyo:
RandaKali, kanuni yako ya kitanzi ni sahihi. Mahali pa pini ndipo penye shida. Ukizipigilia sm 30 kutoka ncha, urefu utatoka 120 kama anavyotaka, lakini upana utakuwa karibu sm 104. Robo inafaa kwa umbo moja tu, lile ambalo upana wake ni kama asilimia 87 ya urefu.

Mbao_Tatu, fanya hivi. Chora mstari wa sm 120, tafuta katikati yake, kisha kwa skweya chora mstari wa upana unaoukata hapohapo, sm 40 kila upande. Sasa chukua rula ndefu au kipande cha ubao chenye alama mbili zilizoachana sm 60, ambayo ni nusu ya urefu wako. Alama moja iweke kwenye ncha ya mstari wa upana, nyingine izungushe mpaka iguse mstari mrefu, kulia na kushoto. Hapo ndipo pini zinapoingia. Kwa kikokotoo ni c = √(60² − 40²), yaani sm 44.7 kutoka katikati, kwa hiyo pini zinaachana sm 89.4.

Kitanzi kitakuwa 120 + 89.4 = sm 209.4. Ila mimi nisingekipima kwa tepu. Pigilia msumari wa tatu kwenye ncha ya mstari wa upana, zungushia uzi misumari yote mitatu, ukaze, funga fundo lisiloteleza. Ng'oa ule wa tatu, weka penseli mahali pake. Kitanzi kimejipima chenyewe.

Mbao_Tatu:
Asante sana. Nimepigilia pini sm 44.7 kila upande, kitanzi nikakipima kwa tepu sm 209.4 kabla sijasoma habari ya msumari wa tatu. Mchoro umetoka sm 121 kwa 81.5. Tatizo ni pini au uzi?

RandaKali:
Pini hizo, zitakuwa zimeinama ndani.

Nusukipenyo:
Ni uzi, na vipimo vyako vyenyewe ndivyo vinavyosema. Pini zikibaki mahali pake na kitanzi kikarefuka sm 1, urefu wa umbo unaongezeka sm 1 na upana unaongezeka sm 1.5. Hicho ndicho ulichopata. Kama kitanzi kingekuwa sawa na kila pini ikawa imeinama ndani nusu sentimita, urefu ungetoka 121 vilevile, lakini upana ungekaribia 82.6. Kwa hiyo usipime urefu peke yake. Upana ndio unaotofautisha magonjwa haya mawili, na kadiri umbo linavyozidi kuwa jembamba ndivyo upana unavyoyumba zaidi.

Kama ni uzi wa nailoni au wa kufumia, unavutika. Tumia uzi wa katani au waya mwembamba laini. Kata mfereji mdogo kuzunguka penseli karibu na ncha ili uzi usipande juu, na penseli isimame wima. Ukiilaza kuelekea katikati, mstari unatoka nje. Fundo likikaribia penseli, simama, lisogeze kwenye kitanzi, ndipo uendelee. Usilivute kupita kwenye penseli.

PembeSawa:
Swali la pili limeachwa, nami naona ndilo lenye utamu. Kipande cha kitanzi kilicho kati ya pini mbili hakibadiliki, kwa hiyo kilichobaki, pini moja hadi penseli na penseli hadi pini ya pili, ni sm 120 popote penseli ilipo. Hiyo ndiyo maana ya fokasi: umbali kutoka kwenye zote mbili, ukijumlishwa, hautofautiani kokote kwenye ukingo.

Kuna la pili linalotokana na hilo. Simamisha penseli popote na utazame ile pembe ya nyuzi mbili. Mstari unaoigawa sawasawa unaukata ukingo kwa pembe mraba. Ndiyo maana mwanga ukitoka fokasi moja na kugonga ukingo unaong'aa kama kioo unarudi kwenye fokasi nyingine. Kwako fundi, ukitaka kuunga vipande vya ukingo wa mbao, kata maungio kwa kufuata mstari huo. Ukielekeza maungio katikati ya meza yatatoka mshazari, isipokuwa kwenye zile ncha nne.

Chaki_Nyeupe:
Hapo ndipo Jua linapokaa, si ndiyo? Nawafundisha watoto njia za sayari, huwa naweka pini mbali ili duaradufu ionekane vizuri.

PembeSawa:
Jua lipo kwenye fokasi moja, kama Kepler alivyoandika mwaka 1609, na ile nyingine haina kitu. Ila ukiweka pini mbali unawachorea njia isiyo ya Dunia. Kwa Dunia, ukichora umbo lenye urefu wa sm 20, pini zinaachana kama milimita 3.3 tu. Upana unapungua kuliko urefu kwa takriban milimita 0.03, unene wa mstari wa penseli unaificha. Waonyeshe kwamba kinachoonekana ni Jua kutokuwa katikati, umbo lenyewe ni kama duara.

Mbao_Tatu:
Nimeelewa. Sasa nataka na mstari wa urembo ndani, sm 5 kutoka ukingoni pande zote. Nipunguze kitanzi tu, pini zibaki?

RandaKali:
Ndiyo, punguza sm 10.

Nusukipenyo:
Hapana. Pini zikibaki palepale, nafasi itakuwa sm 5 kwenye ncha za urefu na sm 8 kwenye ncha za upana. Chora upya ya 110 kwa 70: pini sm 42.4 kutoka katikati, kitanzi kwa msumari wa tatu kama mwanzo.

PembeSawa:
Hata hiyo haitakuwa sm 5 sawasawa, maana mstari unaofuata duaradufu kwa umbali uleule si duaradufu. Katikati ya ncha na ncha, nafasi itabana kwa kama milimita moja.

RandaKali:
Milimita moja nani ataiona? Akishapaka vanishi basi.

PembeSawa:
Kama urembo ni mfereji mwembamba, jicho linaweza kuiona. Mimi ningekata ukingo wa nje kwanza, kisha nikaburuza alama ya ndani kwa kipande cha ubao kinachoegemea ukingo, penseli ikiwa sm 5 ndani.

Nusukipenyo:
Hiyo inakubali kama ukingo umepigwa msasa ukalainika. Kila kibonye cha msumeno kitanakiliwa ndani. Mimi bado ningechora kwa uzi.