Beta ya hisa ya chai yatoka 0.12, je chama tununue kwa 190?

BintiKisauni
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ndo mweka hazina wa chama chetu, tuko kina mama na vijana wachache hapa Kisauni. Kuna mtu anataka kutuuzia hisa zake za kampuni moja ya chai iliyo NSE, jina naliacha, yeye ataka shilingi 190 kwa hisa na itapita kwa broka kama kawaida. Divideni ya mwaka ujao mimi nakadiria shilingi 18 na nimeweka ikue asilimia 5 kila mwaka.

Sasa nilitaka nijue sisi twapaswa kudai faida ngapi ndo hiyo bei iwe na maana. Nikachukua bei za kila wiki za miaka mitatu, hisa na NASI, kile kipimo cha soko zima, nikazigeuza ziwe asilimia ya kupanda au kushuka kila wiki, hisa safu ya B na NASI safu ya C, nikaingiza Excel:

```
=SLOPE(B2:B157,C2:C157)
```

Beta ikaja 0.12. Bondi ya serikali nimeweka 13, nyongeza ya hatari ya soko 6, kwa hivo 13 + 0.12 × 6 = 13.72. Nikigawa 18 kwa tofauti ya 13.72 na 5, yaani 0.0872, napata kama shilingi 206. Yaani 190 ni rahisi. Lakini roho yangu haijatulia, hisa ya chai kweli iwe karibu sawa na bondi? Mkutano ni Jumamosi, nisaidieni.

Mtulivu_Tudor
Dada mimi sioni shida. Beta ndogo maana yake hisa haitikisiki, soko likianguka wewe umekaa tu. Watu wengi wanakimbilia hisa zenye beta ya 1 na kitu halafu wanalia. 206 kwa 190 hiyo ni faida mkononi, chukueni kabla hajabadilisha nia.

KijanaShimanzi
Haitikisiki wapi? Mimi niko godauni ya chai hapa Shimanzi, naona mnadani bei zinavopanda na kushuka, wiki hii broka anacheka wiki ijayo mzigo umerudi haujauzwa. Mvua ikikosa kule juu hali ni nyengine, mvua ikizidi chai inajaa na bei inaanguka. Hiyo 0.12 ni uongo mtupu, beta ya chai lazima iwe 2 au zaidi.

MzeeWaHisa
Kijana Shimanzi, mtikisiko unaousema ni wa kweli lakini si huo beta inaoupima. Beta yauliza kitu kimoja tu, soko zima likisogea hii hisa husogea nalo kiasi gani. Mvua ya Kericho haisubiri benki za Nairobi zipande au zishuke, kwa hivo hisa yaweza kuruka sana na beta ikabaki ya wastani. Nadharia yenyewe ya hesabu hii ya bondi na beta, CAPM, yachukulia kuwa mwekezaji ana hisa nyingi tofauti na hayo ya mvua yanazimana humo ndani, kwa hivo halipwi kwa kuyabeba.

Mtulivu nawe umesema sawa nusu. Beta ndogo ikiwa ya kweli basi ndio, faida unayodai yashuka. Swali ni kama hii 0.12 ni ya kweli.

BintiKisauni, kabla ya kitu chochote andika hii utuambie imetoa ngapi:

```
=COUNTIF(B2:B157,0)
```

BintiKisauni
91 mzee wangu. Kati ya wiki 156, wiki 91 bei haikusogea hata senti. Hii ni mbaya?

MzeeWaHisa
Ndo ugonjwa wenyewe huo mwanangu. Hizo 91 karibu zote si kwamba hisa ilikuwa imetulia, ni kwamba hakuna aliyenunua wala kuuza, kwa hivo soko likaandika bei ya mwisho iliyouzwa, ambayo yaweza kuwa ya wiki tatu nyuma. Chukua mfano NASI imeanguka asilimia 4 wiki hii. Wenye hisa za chai nao wamezithamini chini, lakini hakuna biashara iliyopita, safu yako yaandika sufuri. Wiki mbili baadaye mtu anauza, bei yaanguka asilimia 3 kwa mkupuo, na wiki hiyo labda soko lilikuwa limeshapanda. SLOPE inaona nini? Soko limeanguka hisa haikujali, kisha hisa imeanguka soko likipanda. Inakupa namba ndogo, na uhusiano upo ila umechelewa.

Kwa hivo kwenye soko kama letu beta ndogo sana ya hisa isiyouzwa mara kwa mara kwanza kabisa yakwambia habari za mauzo, habari za hatari zaja baadaye. Safaricom huwezi kupata shida hii, ile inauzwa kila siku.

Fanya hivi. Acha wiki, chukua miezi, maana kwa mwezi mzima hisa hupata nafasi ya kuuzwa angalau mara moja. Na usiishie miaka mitatu, tafuta mitano upate miezi 60. Divideni iongeze kwenye faida ya ule mwezi hisa ilipoanza kuuzwa bila divideni, ukiiacha mwezi huo utaonekana kama hisa ilianguka bure. Kisha tengeneza safu ya D yenye faida ya soko ya mwezi uliopita, yaani D3 ni =C2, ukashushe mpaka chini. Halafu:

```
=LINEST(B3:B61,C3:D61,TRUE,TRUE)
```

Itakupa namba mbili za juu upande wa kushoto, ya kwanza ni ya D na ya pili ni ya C, Excel huzigeuza. Zijumlishe. Njia hii ni ya Dimson, aliiandika 1979 akiwa Uingereza, huko nako kulikuwa na hisa zinazolala hivohivo. Mstari wa pili ni makosa ya makadirio, nipe na hayo.

Abu_Salma
Samahani naingilia, mimi swali langu ni jengine. Sisi nyumbani bondi hatugusi, ni riba. Sasa hesabu yenyewe yaanza na 13 ya bondi. Mtu ambaye hawezi kuweka pesa huko yeye aanzie wapi? Nina hisa kidogo na kiwanja Mtwapa na sijawahi kupata mtu wa kunijibu hili.

MzeeWaHisa
Ami swali lako ni zuri na wasomi walishalishika. Fischer Black mwaka 1972 alionyesha nadharia yasimama hata bila mkopo usio na hatari, mahali pa bondi unaweka faida ya kapu la hisa ambalo beta yake ni sufuri. Kwa karatasi yapendeza. Kwa NSE kulitengeneza kapu hilo ni kazi, na ukiangalia hapo juu utaona kwa nini, hisa zenye beta karibu na sufuri nyingi ni hizihizi zinazolala. Wengine hutumia sukuk, wengine huichukua ile 13 kama kipimo tu bila kuinunua. La dini waulize masheikh, mimi sina elimu hiyo.

BintiKisauni
Nimerudi. Nimekesha na hii kitu lakini imekubali. Beta ya mwezi huohuo 0.46, ya mwezi uliopita 0.37, jumla 0.83. Makosa ni 0.22 kwa ya kwanza na 0.21 kwa ya pili.

Nikaweka 13 + 0.83 × 6 napata karibu 18. Nikarudi kwenye bei, 18 gawa kwa 18 toa 5 yaani 0.13, naona shilingi 138 na kitu. Yaani hisa ileile jana nilisema 206 leo 138!! Na jamaa ataka 190. Nimeogopa.

Mtulivu_Tudor
Mmh. Hapo sasa sina la kusema. Lakini mzee, hii si ni kuchagua namba mpaka upate unayotaka? Kesho mwengine ataongeza miezi miwili nyuma, mitatu, beta ifike 1.5.

MzeeWaHisa
Wauliza vizuri. Kuna dalili mbili za kuangalia. Kwanza ile namba ya mwezi uliopita, 0.37 ikiwa na kosa la 0.21, si sufuri ya wazi, kwa hivo yaonyesha ucheleweshaji upo. Ukiongeza mwezi wa pili nyuma ukapata 0.05 yenye kosa la 0.2 basi hapo simama, kuongeza ni kukusanya vumbi. Pili, jaribu hesabu hiyohiyo kwa hisa inayouzwa kila siku, benki kubwa mojawapo. Pale namba ya mwezi uliopita yapaswa kuwa karibu na sufuri. Ikiwa nayo yakupa 0.4 basi data yako ina kasoro ya tarehe, labda safu zimepishana mstari mmoja.

Lakini binti usiishike 0.83 kama aya. Ukichanganya makosa yale mawili wapata karibu 0.30 kwa jumla. Kwenda makosa mawili kila upande, beta ya kweli yaweza kuwa kati ya 0.22 na 1.44, na bei yako ni kati ya shilingi 193 na 108 hivi. Aona 190 iko wapi? Iko kwenye ukingo wa juu kabisa. Ili iwe bei ya haki yabidi beta iwe ndogo karibu na mwisho wa inavowezekana, na ukuaji wako wa asilimia 5 uwe kweli.

KijanaShimanzi
Mzee na dola je? Mnadani hapa chai yauzwa kwa dola. Shilingi ikianguka sisi huku wenye chai tunacheka na hisa za Nairobi zinalia. Hiyo si yafanya beta iwe ndogo kikweli?

MzeeWaHisa
Hapo umenishika, na ni hoja nzito kuliko ile ya mvua. Kampuni inayolipwa dola na kulipa mishahara kwa shilingi yaweza kwenda kinyume na soko pale shilingi inaposhuka, na hilo ni beta ndogo ya halali. Kwa hivo 0.12 ina mambo mawili ndani yake, kulala kwa hisa na hii dola, na Dimson anatibu la kwanza tu. Ndo maana sitaki kusema 0.83 ni kubwa mno wala ndogo mno. Mimi binafsi ningetumia 0.7 hivi na mtu mwengine akitumia 0.9 sitagombana naye.

MamaHalima
Mie sijui hizo Excel lakini niliwahi kukaa na hisa za namna hii. Kununua ni dakika, kuuza nilingoja miezi, kila siku broka aniambia hakuna mnunuzi. Hiyo hesabu yenu imeweka wapi kungoja?

MzeeWaHisa
Haijaweka popote mama. Sharpe alipoiandika hiyo CAPM 1964 alichukulia kila mtu anaweza kununua na kuuza bila gharama. Beta ukiitibu vipi haikulipi kwa kukwama. Watu huongeza asilimia mbili tatu juu kwa kukisia, hakuna kanuni ya kushikilia. Kwa 0.7 dada, faida ni 17.2, weka 2 ya kukwama iwe 19.2, bei yaja karibu 127.

BintiKisauni
Asanteni sana wallahi, Mama Halima hata wewe. Jumamosi ntawapelekea meza yenye beta ya 0.5, 0.7 na 0.9 wajionee wenyewe, na jamaa ntamwambia tuanzie 130. Mzee swali moja la mwisho, nimejaribu benki kama ulivosema, mwezi uliopita imetoa 0.03, hiyo ni sawa?

MzeeWaHisa
Sawa kabisa, safu zako ziko mahali pake. Sasa mwombe broka akupe idadi ya hisa zilizouzwa kila mwezi mwaka huu, ulinganishe na mnazotaka kununua. Ikiwa zenu ni zaidi ya mauzo ya miezi mitatu, hiyo 2 yangu ni ndogo.