Tupeane uzoefu: tovuti inasema mzigo umekabidhiwa, wewe hujauona

FundiMwanjelwa
Habari zenu wakuu. Nauza vipuri vya cherehani hapa Mwanjelwa, na mizigo yangu yote inatoka Kariakoo. Safari hii nimetumiwa maboksi mawili, namba ya mzigo moja. Asubuhi naingiza namba kwenye tovuti yao, nakuta `Delivered`, saa `06:20`. Jina la mpokeaji limeandikwa langu, na chini kuna sahihi ambayo ni mstari mmoja umepinda. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi sijafungua hata kufuli! Nimepiga simu ofisini, jibu ni kwamba "mfumo unaonyesha umepokea". Aliyewahi kukutana na hili aseme alitokaje.

Kapuku_Iringa
Pole sana kaka. Mimi nilituma vikapu vyetu vya Iringa kwenda Dar. Niliomba bei kwenye tovuti nikaandika kilo 7, kwa sababu ndivyo mizani ilivyosema. Kufika kaunta wakanitoza kilo 24. Hawa watu ni wezi, mizani yao ina shida.

KauntaZamani
Dada, lako ni jambo jingine, ila nikujibu kwa ufupi. Boksi lako lilikuwa na vipimo gani? Vikapu ni vyepesi lakini vinakula nafasi kwenye gari. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, halafu wanachukua namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito wa mizani.

Kapuku_Iringa
60 kwa 50 kwa 40.

KauntaZamani
Basi ni 120,000 kugawa kwa 5000, ndiyo 24 yako. Wengine wanagawa kwa 6000, ungelipa kilo 20. Siku nyingine jaza vipimo kwenye fomu ya kuomba bei, usijaze uzito peke yake. Na vikapu vinavyoingiana vipachike kimoja ndani ya kingine.

Sasa Fundi. Kabla hujamwita mtu mwizi, angalia saa. Risiti uliyorushiwa na mtu wako wa Kariakoo imechapwa saa ngapi, na tovuti inasema mzigo ulipokelewa Dar saa ngapi?

FundiMwanjelwa
Risiti 16:40. Tovuti 13:40. Sikuwa nimeliona hilo.

KauntaZamani
Tofauti ni saa tatu kamili. Seva yao inatunza saa za UTC na aliyetengeneza ukurasa hakuzigeuza kuwa za kwetu. Kwa hiyo kila saa unayoiona hapo ongeza tatu. Ile `06:20` ni 09:20, yaani saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na soko limeshafunguliwa. Ulikuwa dukani muda huo?

FundiMwanjelwa
Saa tatu nilikuwa benki! Nilimwachia duka mama wa vitenge wa jirani. Ngoja nimuulize.

TukuyuKwetu
Mimi huwa siangalii saa wala sahihi. Nafungua ile ramani kwenye ukurasa wa makabidhiano, naangalia pini. Sahihi unaweza kughushi, pini haidanganyi.

BodaIpogolo
Kaka, mimi ndiye ninayebonyeza hicho kitufe, nikwambie ukweli. Pini inaonyesha simu yangu ilikuwa wapi nilipobonyeza. Haionyeshi mzigo ulipoachwa. Kuna wenzetu wanafikisha mizigo mchana kutwa, halafu jioni wanakaa kijiweni wanabonyeza yote kwa mkupuo, kwa sababu ofisi inataka orodha iwe imeisha kabla ya kufunga. Ukiona pini za wateja watano zimeangukia sehemu moja na dakika zinafuatana, ujue ni hivyo. Na huku milimani mtandao ukikata, simu inahifadhi, inatuma baadaye. Tovuti nyingine zinaandika saa ya kubonyeza, nyingine saa ambayo taarifa imefika kwenye seva.

Kuhusu mstari uliopinda, mvua ikinyesha kioo kinalowa, kidole kinateleza, mtu anasaini mara moja anarudi ndani. Sahihi nyingi za msimu wa masika zinafanana hivyo.

TukuyuKwetu
Nimekuelewa. Lakini pini ikiwa mbali kabisa na duka, si bado ni ushahidi?

BodaIpogolo
Ni sababu ya kuuliza. Peke yake haitoshi.

FundiMwanjelwa
Wakuu, nimerudi. Mama amesema kweli alipokea boksi MOJA, akasaini kwenye simu ya kijana. Hakuulizwa jina wala idadi. Alikuwa amelifunika na kanga nyuma ya meza ili lisiibwe, Mungu ambariki. Lakini boksi la pili, lenye mota, halipo. Ofisi inasema sahihi imefunga mzigo wote.

KauntaZamani
Hapo ndipo penyewe. Jina lako halikuandikwa na mtu, simu inalivuta lenyewe kutoka kwenye hati ya mzigo. Na kijana akibonyeza, anafunga namba nzima, hata kama mkononi ana boksi moja kati ya mawili. Ukurasa wa mteja unaonyesha namba tu. Ila kila boksi lina stika yake, 1/2 na 2/2, na kila stika inaskaniwa kila inapopanda na kushuka. Waombe historia ya kila kipande. Usiseme "mzigo wangu uko wapi", watakusomea kilekile unachokiona wewe. Sema "nataka skani ya mwisho ya 2/2".

FundiMwanjelwa
Nimeenda mwenyewe hadi ofisini. Dada wa kaunta alikataa mwanzo, baadaye akageuza kompyuta nikaona kwa macho yangu. 1/2 imeskaniwa Dar, Makambako, Mbeya. 2/2 imeskaniwa Dar, kisha Makambako "imeshushwa". Mbeya haipo.

KauntaZamani
Imeshushwa na mizigo ya Njombe na Songea. Pale ndipo barabara inapochepuka, gari linafika usiku, vijana wanachambua kwa tochi. Stika ikiwa imegeukia chini, boksi linaenda na wenzake. Piga simu kituo cha Makambako moja kwa moja, uwatajie namba na rangi ya gundi ya boksi.

MamaMbegu_Njombe
Na wakati mwingine linakuja mpaka kwetu Njombe. Uliza huku pia. Mimi tangu yanipate, nikipokea pungufu sisaini jina tupu. Kwenye ile nafasi ya jina naandika "jirani, boksi 1 kati ya 2". Inatokea hivyohivyo kwenye tovuti, hawawezi kuifuta.

BodaIpogolo
Kama simu yake inaruhusu kuandika, mama. Nyingine zina sahihi tu. Hapo mwambie kijana apige picha ya boksi lililopo mbele ya duka, stika ionekane. Picha inabaki kwenye ukurasa.

FundiMwanjelwa
Boksi lipo Makambako, wamelishika mkononi, wameniahidi gari la usiku. Nawashukuru sana. Ila ofisi ya hapa imekataa kubadilisha ile `Delivered`, wanasema ikishafungwa haifunguki. Mota zikifika zimevunjika nitadai vipi, wakati tovuti inasema nilishapokea salama? KauntaZamani?

KauntaZamani
Tulikokuwa sisi msimamizi aliweza kuifungua. Kwao sijui. Dai wakupe namba mpya kwa hicho kipande, ili kiwe na makabidhiano yake.

MamaMbegu_Njombe
Mimi walikataa namba mpya. Nilibaki na barua yenye muhuri. Kuna aliyewahi kulipwa kwa barua tu?