Je, Papa alikuwa na haki ya kumvua mfalme madaraka? Mjadala kuhusu Canossa

Muuliza swali: Mwaka 1077 Mfalme Henri wa Nne wa Ujerumani alisimama siku tatu kwenye baridi, nje ya ngome ya Canossa, akimwomba msamaha Papa Gregori wa Saba. Papa hakuwa na jeshi la kumtisha. Alipata wapi nguvu hiyo, na je, ilikuwa haki yake?

Mzee wa parokia: Ilikuwa haki yake. Mfalme naye ni mbatizwa, na Petro alipewa mamlaka ya kufunga na kufungua bila kuambiwa awaruke wenye taji. Tena uaskofu ulikuwa ukinunuliwa kwa fedha. Papa angenyamaza vipi?

Kijana: Huyu si yule Henri aliyetaka kumwacha mkewe, Papa akakataa?

Mwalimu wa historia: Huyo ni Henri wa Nane wa Uingereza, karne nne na nusu baadaye. Huyu wa Canossa aligombana na Papa juu ya nani amsimike askofu kwa kumkabidhi fimbo na pete. Ujerumani ya wakati ule, askofu alikuwa pia mtawala mwenye mashamba, ngome na askari aliowapeleka vitani mfalme akiita. Kwa kuwa askofu hakuwa na mtoto wa kumrithi kihalali, askofu huyo akifa, mfalme aliweza kumpa nafasi ile mtu mwingine anayemwamini. Ukimnyima mfalme uteuzi huo, umemvunja mgongo.

Mwaka 1075 Henri alimweka mtu wake awe askofu mkuu wa Milano, hali Papa anamtambua mwingine. Gregori akamwonya. Januari 1076 mfalme na maaskofu wake wakakutana Worms, wakamkana Gregori na kumtaka ashuke kitini. Mwezi uliofuata Gregori akamtenga mfalme na Kanisa, akamzuia kutawala, na akawafungua watu wote kiapo cha utii walichomwapia.

Muuliza, jibu lako liko kwenye kiapo hicho. Mfalme hakuwa na jeshi la kudumu. Alikuwa na wakuu walioapa kumfuata. Wasaksoni, aliokuwa amewashinda vitani mwaka mmoja tu kabla, sasa wakapata sababu ya kuasi bila kuitwa wavunja kiapo. Oktoba wakuu wakakusanyika Tribur, wakamwekea sharti: kama mwaka utatimia tangu atengwe bila kusamehewa, hawatamtambua tena. Wakamwalika Papa aje Augsburg kuamua kesi. Henri hakungoja. Akavuka milima ya Alpi katikati ya baridi pamoja na mkewe Berta na mtoto wao mdogo, akamkuta Gregori akiwa bado Italia, katika ngome ile ya Canossa, mali ya Matilda, mtawala wa Toscana.

Mwanasheria: Basi Henri ndiye aliyeshinda! Padre hawezi kumkatalia anayetubu. Alipomsamehe tu, Papa alikuwa ameishiwa silaha na wakuu wameishiwa sababu.

Mwalimu wa historia: Alipata nafuu, lakini sababu hawakuishiwa. Machi ya mwaka uleule wa 1077 wakamchagua mfalme mwingine, Rudolfu, vita vikaendelea. Mwaka 1080 Gregori akamtenga Henri mara ya pili, na safari hii wengi hawakutikisika. Rudolfu akafa mwaka huohuo baada ya kukatwa mkono wa kuume vitani, na wafuasi wa Henri wakasema Mungu ameuadhibu mkono ulioapa kumtii Henri. Mwaka 1084 Henri akaingia Roma na kuvikwa taji la kaisari na papa aliyemweka mwenyewe. Gregori akafia Salerno mwaka 1085, mbali na kiti chake. Kwa hiyo mimi nasema tamko la Papa lilikuwa na nguvu pale tu ambapo wakuu walikuwa tayari wanautafuta mlango wa kutokea.

Katekista: Kigangoni kwetu mtu aliyetoa fedha za paa alitaka yeye ndiye achague viongozi. Tulimkatalia, akaondoka kwa hasira. Lakini bado najiuliza: aliyetoa mali hana neno kabisa?

Mwalimu wa historia: Papa Paskali wa Pili alilijibu hilo mwaka 1111. Alipendekeza maaskofu warudishe ardhi na haki zote walizopewa na wafalme, na mfalme aache kuwasimika. Mimi naona ndilo pendekezo safi kuliko yote katika ugomvi ule, na maaskofu wenyewe ndio waliolipinga kwa kelele. Likafa siku iliposomwa.

Mzee wa parokia: Hata hivyo, kwa Mkataba wa Worms wa 1122 mfalme aliacha fimbo na pete. Gregori alishinda akiwa kaburini.

Mwanasheria: Soma mkataba wote, mzee. Ujerumani askofu alichaguliwa mbele ya mfalme, na alipokea ardhi kwa fimbo ya kifalme kabla ya kuwekwa wakfu. Mfalme asipompa, nani atamweka wakfu askofu asiye na kitu?

Mzee wa parokia: Anaweza kuchelewesha ardhi. Kumfanya mtu askofu hawezi tena, na hilo ndilo Gregori alilopigania.