Bima ya duka la milioni 18: niandikishe milioni 6, niandikishe yote, au nibaki na mfuko wa kikundi?

Mama Nuru

Habari zenu wakuu. Nina duka Mbagala: unga, mchele, mafuta ya kula, sabuni, vipodozi kidogo, na mitungi ya gesi sita saba hivi mlangoni. Juzi nimehesabu mzigo, bila friji na shelfu unafika milioni 18. Pango ni 250,000 kwa mwezi. Tangu soko la Kariakoo liungue Julai 2021 nasema nitakata bima na sijakata. Kilichonisukuma sasa ni ugonjwa. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji, duka likafungwa wiki tano, niliporudi wateja wameshazoea kwa jirani na mwenye nyumba ananidai.

Njia ninazo tatu. Wakala anasema niandikishe milioni 6 tu, moto na wizi, nalipa 95,580 kwa mwaka pamoja na VAT. Anadai hasara ya duka dogo haivuki hapo. Nikiandikisha milioni 18 yote ni 286,740. Au niachane na bima, nichangie 25,000 kila mwezi kwenye mfuko wa maafa wa kikundi chetu cha wenye maduka wa hapahapa. Nyie mngefanyaje?

Mzee wa Jumla

Chukua ya milioni 6, usijitese. Mimi ndiyo niliyonayo mwaka wa nne huu. Ukiunguliwa na mali ya milioni 4 wanakulipa 4, ukiunguliwa na ya 10 wanakulipa 6, hapo ndipo wanapoishia. Laki mbili na ushee kila mwaka kwa moto ambao huenda usije ni ya nini? Wewe angalia tu bima iwe ya kweli. Mawakala wa kuchonga wapo. Ukishalipa, hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, uone kama inasoma, kabla hujaifungia kabatini.

Dawati la Madai

Mzee wa Jumla, hilo la kuhakiki umesema kweli. Hesabu ndiyo siyo, na naiona ikiwaumiza watu kila mwaka. Nimekaa kwenye madai ya bima miaka kumi na moja.

Mama Nuru, tuseme umeandikisha milioni 6 na dukani mna mzigo wa milioni 18. Moto unaanza kwenye waya wa friji, majirani wanauzima, umepoteza mali ya milioni 5. Mpima hasara akija haulizi kwanza kilichoungua. Anauliza duka zima lilikuwa na mali ya kiasi gani siku ile. Akikuta 18, anasema umejikatia bima theluthi moja, hivyo theluthi mbili ulikubali kuzibeba mwenyewe. Anachukua theluthi ya ile milioni 5, ambayo ni 1,666,667. Kisha anatoa sehemu ambayo mteja hujibebea kwa kila dai, tuseme asilimia 10. Unaondoka na 1,500,000. Umepoteza tano, umelipwa moja na nusu, na kampuni haijakudhulumu hata senti. Kifungu cha wastani kimo kwenye hati.

Milioni 6 kamili hata liungue duka lote huipati, maana ukitoa ile asilimia 10 inabaki 5,400,000.

Mzee wa Jumla

Mbona mimi sikuambiwa hivyo? Na mzigo wangu ni karibu milioni 30.

Dawati la Madai

Hukuambiwa kwa sababu ungeuliza bei ya milioni 30 ungeshtuka, ukaenda kwa mwingine. Toa hati yako usome masharti ya nyuma, ukishindwa mpe wakala akuonyeshe kifungu hicho kwa kidole.

Kijana wa Temeke

Samahani, mama anaumwa na nyie mnapiga hesabu za moto. Si akate NHIF tu? Mimi mama yangu alilazwa hatukutoa hata mia.

Mama Nuru

Kadi ninayo mwanangu, na hospitali kweli sikulipa. Tatizo lilikuwa duka. Kadi hailipi pango wala haimfungulii mteja mlango saa kumi na mbili asubuhi.

Binti wa Tanga

Kwenye wizi naomba niseme langu. Nilikuwa na kijana wa duka, nimemwachia funguo. Akafungua usiku, akabeba katoni za sigara na simu za kuuza, akafunga vizuri, akaondoka. Nikaenda na RB yangu mkononi, bima wakaja kuangalia: kufuli zima, grili nzima, bati halijaguswa. Wakanijibu kwamba bima yangu ni ya wizi wa kuvunja. Nilivyolia siku ile! Nilikuwa nimelipa miaka mitatu mfululizo.

Dawati la Madai

Pole sana dada. Bima ya wizi ya duka inataka alama za nguvu: mlango uliong'olewa, kufuli iliyokatwa, bati lililochanwa. Mfanyakazi kuiba, mteja kuchomoa kitu shelfuni, au stoo kuhesabiwa ikapungua bila maelezo, hayo hayamo. La mfanyakazi lina bima yake ya uaminifu, lakini kwa duka la mtu mmoja na kijana wake nimeona wachache wakiinunua. Pesa taslimu kwenye droo nayo huwa haihesabiwi kuwa mzigo, isipokuwa imetajwa peke yake.

Kwa wizi ipo njia ya katikati ambayo wakala hakukutajia. Mwizi habebi magunia yako yote ya unga kwa usiku mmoja. Unaweza kuandikisha kwamba mzigo mzima ni milioni 18, lakini kwa wizi kampuni ilipe hadi milioni 6 tu. Wenyewe wanaiita hasara ya kwanza. Thamani nzima umeitaja, hivyo hawakukati kwa wastani, na ada ya wizi inapungua. Kwenye moto usifanye hivyo, moto hauchagui.

Katibu wa Kikundi

Naona kikundi kinasahaulika. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanachama 40 na tunachanga hiyohiyo 25,000, kwa mwezi tunakusanya milioni moja. Mwanachama akilazwa tunampa 300,000 kwa mwezi hadi miezi miwili, bila fomu, kesho yake anayo. Bima gani inafanya hivyo? Mama Nuru, pango la zile wiki tano lingelipika.

Dawati la Madai

Kwa ugonjwa nakubaliana nawe kabisa, ndugu Katibu. Wanachama 40 hawaugui siku moja. Kwenye moto sasa, maduka yenu yamepangana ukuta kwa ukuta? Yakiungua kumi yenye mzigo kama wa huyu mama, hasara ni milioni 180. Mfuko wenu ukikaa mwaka mzima bila kuguswa una milioni 12, na waliopaswa kuchanga ndio walioungua.

Katibu wa Kikundi

Hapo sina jibu. Tulishalizungumza kwenye kikao tukaishia kusema Mungu atatuepusha.

Dawati la Madai

Kuna jambo limejificha kwenye maelezo ya mwanzo, na nashangaa hakuna aliyeligusa. Wiki tano ni siku 35. Hati nyingi za moto zina sharti kwamba jengo likikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo, kinga inasimama mpaka kampuni ikubali kwa maandishi kuiendeleza. Za wizi nyingine zinaweka siku pungufu ya hizo. Maana yake, Mama Nuru, hata ungekuwa na bima ile ya 286,740, siku zile za mwisho upo kitandani huenda hukuwa na bima. Na ndizo siku ambazo mwizi wa mtaani anajua duka halina mwenyewe.

Msiniambie ipo bima ya kulipa faida iliyopotea. Ipo, lakini inaanza kulipa pale mali yenyewe ilipoharibiwa na janga lililokatiwa bima. Mwenye duka kuumwa hakuchomi shelfu. Bima ya ajali binafsi nayo hulipa kila wiki ukiumia kwenye ajali, ya upasuaji kama wako haigusi. Ile ya kulipwa kwa kila usiku unaolala wodini inasaidia kidogo, ila ukirudi nyumbani kujiuguza inakoma.

Kwa hiyo dawa ya ugonjwa ni mtu wa kufungua duka. Hata akifungua nusu siku, akauza unga na sabuni tu, duka halijakaa bila mtu. Ukiona unakwenda kulazwa, andika barua kwa kampuni kabla siku hazijafika, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Mama Nuru

Mungu wangu. Sikuwahi kufikiria hivyo. Mdogo wangu angeweza kufungua, tatizo pesa zote zinaingia kwenye simu yangu na namba ya siri ninayo mimi. Mzigo wa jumla nao naagiza mimi kwa mdomo, bei ziko kichwani.

Binti wa Tanga

Usimpe namba ya siri hata awe mdogo wako wa tumbo moja! Chukua lipa namba kwa jina la duka, wateja walipe huko, yeye aone tu ujumbe kwamba pesa imeingia. Bei andika kwenye daftari. Mimi nimejifunza kwa machozi.

Katibu wa Kikundi

Na benki ongeza mtu wa pili wa kutia saini. Mwenzetu alipoteza fahamu kwa kiharusi, akaunti ina pesa na wasambazaji wanadai, hakuna wa kuigusa.

Kijana wa Temeke

Swali la mwisho. Duka likiungua na daftari likaungua, huyo mpima hasara ataijuaje hiyo milioni 18?

Dawati la Madai

Hilo ndilo swali la maana zaidi leo. Risiti za EFD hata zisipoungua zinafifia wino. Zipige picha siku unayonunua mzigo, mtumie ndugu kwa Watsapu zikae kwenye simu nyingine. Namba ya uhakiki ikisomeka, risiti inatafutwa verify.tra.go.tz. Kila mwisho wa mwezi piga picha ya shelfu na ukurasa wa hesabu ya mzigo. Siku ya tukio piga 114 hata kama majirani wameshazima, maana ripoti ya Zimamoto utaombwa. Na usifagie majivu kabla mpima hajafika.

Mzee wa Jumla

Nimesoma hati yangu. Kifungu kipo. Naweza kupandisha katikati ya mwaka?

Dawati la Madai

Unaweza, utalipa nyongeza ya miezi iliyobaki. Ilipe kwanza ndipo ujihesabu una kinga, bila ada hakuna bima.

Mama Nuru

Mimi nimeamua hivi. Moto milioni 18, wizi hasara ya kwanza ya milioni 6, na kikundi naendelea nacho kwa ajili ya ugonjwa nikiweza kupunguziwa mchango. Nimempigia wakala anitengenezee bei mpya. Nikamuuliza na mitungi ya gesi, akaniambia nisiitaje, itapandisha ada.

Dawati la Madai

Itaje. Kwa maandishi. Ukiificha, hicho ndicho kitu cha kwanza mpima atakachokiona kwenye majivu.

Mzee wa Jumla

Mimi ningeihamishia uani tu.

Mama Nuru

Uani ndiko ninakopikia, mzee. Nimemtumia wakala ujumbe wa mitungi, tiki mbili zimewaka bluu tangu asubuhi, hajajibu.